Rilei ya pampu ikigongagonga, pima kwanza kolekta

Rilei ikitetemeka, au transista inayoiendesha ikiwa ya moto hadi huwezi kuishika, usikimbilie dukani kununua rilei nyingine. Chukua mita, iweke kwenye volti za DC, kisha gusa kolekta na emita wakati rilei imeamriwa kuwaka. Ukisoma chini ya volti 0.3, transista imeshiba na iko salama. Ukisoma volti mbili, tatu au nne, transista imekaa katikati, haijafunguka wala haijafunga. Inakula umeme uliokuwa haki ya koili na kuugeuza joto.

Sababu huwa ni rezista ya besi, na huku kwetu Mtwara naikuta zaidi kwenye pampu za sola. Mzee mmoja wa Naliendele alifungiwa mfumo wa kujaza tenki: betri ya volti 12, pampu ya DC, bodi ya Arduino Uno inayosoma kiwango cha maji, na rilei ya gari ya miguu minne. Asubuhi jua likiwa kali pampu ilifanya kazi. Jioni betri ikishuka, rilei ilianza kugonga. Aliyemfungia alimwambia rilei ni feki. Nilipopima kolekta nikakuta zaidi ya volti nne, nikamwambia, "Mzee wangu, rilei yako nzima."

Tuifuate hesabu yake, maana ndiyo utakayoifanya kwenye kazi yako. Koili ya rilei ile, yaani miguu 85 na 86, ilisoma omu 85. Kwa volti 12 inataka miliampia 141. Rezista ya besi iliyowekwa ilikuwa ya kilo-omu 10, thamani ambayo watu huichukua kwa mazoea. Pini ya Uno inatoa volti 5, besi inabaki na volti 0.7, kwa hiyo mkondo wa besi ni:

```
(5 - 0.7) / 10000 = 0.43 mA
```

Transista ilikuwa BC337. Tuseme ukuzaji wake ni 200, yaani mkondo wa kolekta unaweza kufika mara 200 ya mkondo wa besi: basi kolekta inaweza kupitisha miliampia 86 tu, hata koili ikitaka 141. Miliampia 86 kwenye omu 85 ni volti 7.3. Volti 4.7 zilizobaki zinaangukia kwenye transista, na hapo inachemka kwa karibu wati 0.4. BC337 inavumilia wati 0.625 hewa ikiwa nyuzi 25, lakini ndani ya boksi lililofungwa chini ya bati, hewa ikifika nyuzi 50, kikomo kinashuka hadi kama wati 0.5. Nayo rilei ya gari mara nyingi inahitaji volti 7 hadi 8 ili ivute. Mfumo mzima ulikuwa umesimama ukingoni. Pampu inapoanza huvuta mkondo mkubwa, volti ya betri inashuka kwa ghafla, rilei inaachia, volti inapanda, rilei inavuta tena. Kugonga unakokusikia ni huko.

Hapa ndipo wengi wanapouliza: kama transista ina ukuzaji wa 200, kwa nini nisigawe mkondo wa koili kwa 200 ili nipate mkondo wa besi? Kwa sababu namba hiyo hupimwa kolekta ikiwa bado na volti za kutosha. Sisi tunataka kolekta ishuke hadi volti 0.2 hivi, na ikishuka hivyo ukuzaji unaanguka vibaya. Tena BC337 moja hailingani na nyingine: zenye alama ya -16 zinaanzia 100, na zenye -40 zinaweza kuvuka 600. Ukipanga kwa namba ya juu, saketi itafanya kazi mezani kwako, kisha utabadilisha transista siku moja na rilei itakataa. Mimi nagawa kwa 20, bila kujali transista inajisifia nini. Kwa mizigo mizito zaidi nagawa kwa 10.

Sasa chagua rezista upya. Panga kwa betri ikiwa inachajiwa, si kwa volti 12 za kwenye lebo. Kwa volti 14.4 koili inavuta takriban miliampia 170. Gawa kwa 20, upate 8.5. Pini ikitoa mkondo huo hushuka kidogo, tuseme hadi 4.7, na besi tuipe 0.8:

```
(4.7 - 0.8) / 0.0085 = 459
```

Rezista ya kawaida iliyo karibu ni omu 470. Pini ya Uno haipaswi kuzidishwa miliampia 20, kwa hiyo miliampia 8.3 zitakazopita kwenye omu 470 haziisumbui. Kama bodi yako ni ya volti 3.3, kama ESP32, hesabu hiyo hiyo itakupeleka kwenye omu 270. Kwa mzee wa Naliendele tuliweka 470. Volti ya kolekta ikashuka chini ya 0.2 na transista ikawa ya baridi kabisa. Kumbuka kwamba BC547 haifai kwa rilei hii, maana kikomo chake ni miliampia 100. Inatosha kwa zile rilei ndogo za bluu za volti 12, ambazo koili yake ni omu 400 na huvuta miliampia 30 tu.

Baada ya hapo angalia dayodi ya kuilinda transista. Koili haikubali mkondo wake ukatwe ghafla. Transista ikifunga, koili huinua volti yake yenyewe ili mkondo uendelee, na kolekta inaweza kuruka kupita volti 45 ambazo BC337 inavumilia. Huenda isife siku ya kwanza, lakini kila uzimaji unaipiga, na bodi nayo huanza kujiwasha upya bila sababu ya kuonekana. Funga 1N4007 sambamba na koili, karibu nayo, mstari mweupe ukielekea upande wa chanya. Ukiigeuza, mara tu transista inapowaka betri yote inapita kwenye dayodi na transista, na mara nyingi transista ndiyo inayokufa kwanza. Dayodi hizi hazina shida kupatikana; chaja mbovu nyingi zinazo.

Dayodi ina gharama yake. Mkondo unazunguka kwenye koili ukififia polepole, kwa hiyo rilei inachelewa kuachia na kontakti zinaachana taratibu, jambo linaloongeza cheche kwenye mkondo mkubwa wa pampu ya DC. Ukiona kontakti zinaungua mapema, weka dayodi ya zena ya volti 12 mfululizo na dayodi, zikitazamana kinyume. Kolekta itafika kama volti 25, au 27 betri ikichajiwa, bado chini ya 45, na rilei itaachia kwa kasi zaidi.

Kabla ya kulehemu, tazama mchoro uliochapwa kwenye mwili wa rilei. Baadhi ya rilei za gari zina dayodi ndani tayari, na hapo miguu 85 na 86 haibadilishwi ovyo. Kama mchoro unaonyesha dayodi, chanya huenda upande wenye mstari wa dayodi, ambao kwa kawaida ni mguu 86, na 85 huenda kwenye kolekta.