Kifaransa cha Uwanja wa Ndege: Jifunze Kwanza Maswali Utakayoulizwa

Wanafunzi wengi wanaokwenda kusoma Ufaransa hukariri sentensi za kusema. Mimi nashauri uanze na za kusikia, maana kwenye kibanda cha polisi wa mpakani, Police aux frontières, anayeongoza mazungumzo ni askari, naye haongei polepole kama mwalimu wako.

Ukishuka Roissy, yaani Charles de Gaulle, fuata kibao cha Tous passeports. Ukiona Correspondances, hapo ni pa wanaounganisha ndege. Kwenye kibanda, maswali ya kawaida ni matatu. Quel est le motif de votre séjour ? Anataka kujua umekuja kufanya nini. Vous restez combien de temps ? Utakaa muda gani. Où allez-vous loger ? Utafikia wapi. Mara nyingi atayakata: "Motif ?" au "Vous logez où ?" Kwa hiyo sikilizia hayo maneno motif, temps na loger, mengine yakupite tu.

Jibu fupi linatosha: Je viens faire un master à Lyon. Je loge en résidence universitaire. Akisema justificatif, anataka karatasi: attestation d'inscription ya chuo na attestation d'hébergement ya makazi. Ziwe kwenye begi la mkononi, kwa sababu mabegi makubwa huyapati mpaka umeshavuka kibanda hicho. Usipoelewa, sema: Vous pouvez répéter plus lentement, s'il vous plaît ? Kuitikia "oui" kwa swali ambalo hukulielewa ni hatari kuliko kukaa kimya.

Ukishachukua mzigo unakuja ushuru wa forodha, douane. Njia ya kijani ni Rien à déclarer, nyekundu ni Objets à déclarer. Hapa ndipo vyakula vya mama vinapotuponza. Chukua begi lenye nyama kavu, samli, dagaa, asali, maembe na nazi. Nyama (viande) na samli, ambayo ni produit laitier, haziingii kabisa zikitoka kwetu, hata kidogo cha kula mwenyewe. Dagaa ni poisson séché, na samaki wanaruhusiwa mpaka kilo 20. Asali, miel, mwisho kilo 2. Maembe yanadai certificat phytosanitaire, cheti cha afya ya mimea kinachotolewa huku nyumbani kabla ya safari, ila nazi, ndizi, nanasi na tende hazikidai.

Ofisa akinyooshea kidole mfuko na kuuliza C'est quoi, ça ?, taja kitu chenyewe: Du poisson séché, pour ma consommation personnelle. Ukijibu "nourriture" tu, chakula, umemwomba afungue begi zima. Na kama una fedha taslimu kuanzia yuro 10,000, hiyo lazima uitangaze: Je voudrais déclarer de l'argent liquide.