Damu kwenye rektamu isiyotumika: kwa nini nyuzinyuzi hazikunisaidia

"Wakuu, nina stoma ya utumbo mpana upande wa kushoto, huu mwezi wa tano. Juzi nimeanza kutoa ute wenye damu huku chini ambako hapapiti kitu. Nikiongeza nyuzinyuzi kwenye chakula nitapona?"

Mkuu, pole. Kwa huko chini haitasaidia, na nasema hivyo kwa sababu nilishajaribu. Mimi utumbo ulijisokota, wakakata kipande kilichokufa, ncha ya juu wakaitolea tumboni ikawa stoma, tundu la kutolea kinyesi, na rektamu, kipande cha mwisho cha utumbo mpana, wakaishona kwa juu ikabaki mfuko mtupu. Mwezi wa nne nikaanza kuona hayo unayoyaona. Nikaongeza nyuzinyuzi karibu mara mbili. Nilichovuna ni mfuko wa stoma kujaa upepo kila usiku mpaka naamka kuutoa. Damu ilibaki vilevile.

Ule upepo wenyewe ulikuwa na maana yake. Nyuzinyuzi hatuna vimeng'enya vya kuzivunja, kwa hiyo zinafika utumbo mpana zikiwa bado nzima. Huko bakteria wanazikata hadi sukari, kisha wanaichachusha bila oksijeni. Wanaachia gesi, na wanaachia asidi fupi za mafuta: asetati, propionati na butirati. Kwa kawaida asetati ndiyo nyingi, zaidi ya nusu ya zote. Hiyo huchukuliwa na damu hadi mwilini, propionati nyingi huishia kwenye ini. Butirati ndiyo haisafiri sana, maana seli za ukuta wa utumbo mpana huidaka na kuichoma palepale. Mwaka 1980 mtafiti Roediger alizichunguza seli hizo zikiwa zimetolewa mwilini, akakuta karibu asilimia 70 ya oksijeni zinayotumia inakwenda kuchoma butirati. Hata ukiziwekea glukosi pembeni, bado zinachagua butirati.

Kwa hiyo seli hizi hazingoji damu pekee iziletee chakula. Sehemu kubwa zinaipata kutoka kwenye kinyesi kinachopita juu yake. Kipande kisichopitiwa na kinyesi hakipati mgawo huo, hata ule nini. Nyuzinyuzi zako zinachachuka juu ya stoma, asidi zinaliwa hukohuko juu, zinazobaki zinaangukia kwenye mfuko.

Daktari wangu alinionyesha jambo hili kwa kamera, na sijalisahau. Aliipitisha kwanza kwenye stoma: ukuta wa waridi, laini, unang'aa. Kisha akaingia kwa chini: wekundu, vidonda vidogo, na kila kamera ilipogusa palivuja damu. Mtu yuleyule, mlo uleule, siku ileile. Akachukua vipande vidogo vya kupima, kwa sababu damu ya huko inaweza pia kuwa uvimbe, maambukizi au ugonjwa mwingine wa utumbo. Usiruke hatua hiyo, mkuu. Ute mweupe peke yake si tatizo, rektamu huendelea kuutengeneza hata ikiwa haina kazi. Damu ndiyo ya kuchunguzwa.

Majibu yakatoka: ukuta wa utumbo uliotengwa, ule usiopitiwa na kinyesi, umevimba na kuwa mwekundu. Watu wengi waliobakiziwa rektamu isiyotumika wana hali hiyo ukiwachungulia, ila wengi hawasikii lolote.

Mwaka 1989 Harig na wenzake waliamua kupeleka asidi zenyewe kule chini kwa enema, yaani dawa ya maji inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, mililita 60 mara mbili kwa siku, kwa wagonjwa wanne. Wakapata nafuu. Baadaye wengine walijaribu mchanganyiko wa asidi hizo kwa siku 14 tu wakilinganisha na enema isiyo na dawa, hawakuona tofauti. Mimi nilipewa mchanganyiko wa asidi hizo kwa wiki sita. Harufu yake, nisikufiche, ni ya siagi iliyochacha, na ikimwagika kwenye shuka utalala nayo. Wiki mbili za kwanza nilitaka kuacha kwa sababu sikuona mabadiliko. Kuanzia wiki ya nne damu ikapungua, ingawa siwezi kuapa kwamba ni dawa na si muda. Nilipoacha ilirudi kidogo, na hapo ndipo nilipoamini kiasi.

Kilichoimaliza ni kuunganishwa utumbo. Kinyesi kilipoanza kupita tena, kamera ya mwezi wa tatu ilikuta rektamu ina rangi ileile ya juu. Kwa hiyo swali la kumpelekea daktari wako wa upasuaji ni lini utaunganishwa, na kama bado, je, enema inafaa kwako. Nyuzinyuzi kula kiasi chako cha kawaida, zinalisha sehemu ya utumbo iliyo juu ya stoma. Na kama kuna mwenzetu anasoma hapa mwenye stoma ya utumbo mwembamba, huyo asizirundike bila kuuliza, zile ngumu zinaweza kuziba pale kwenye tundu.