Wadogo zangu wa kitengo cha mawasiliano, kabla hujabonyeza tuma

Wiki hii nimepitia drafti mbili za taarifa kwa vyombo vya habari, zote za jengo la zamani linalofunguliwa tena baada ya ukarabati, na zote zimerudia makosa yaleyale niliyoyafanya mimi nilipoanza kazi huku Uingereza. Nawapenda lakini hapana, hebu tukae chini tuongee.

1. Tarehe. Hapa ndipo nilipoungulia. Halmashauri niliyokuwa nafanya kazi ilikuwa inafungua ukumbi wake wa mji, na kulikuwa na shughuli mbili: Alhamisi jioni hafla ya wafadhili kwa kadi, Jumamosi saa nne asubuhi milango wazi kwa kila mtu. Mimi nikachukua tarehe kwenye mwaliko wa kalenda ulioandikwa "ufunguzi", ambao ulikuwa wa hafla, nikaandika aya ya kwanza kwamba ukumbi unafunguliwa kwa wananchi Alhamisi. Drafti ikazunguka kwa watu watano. Msanifu majengo akasoma aya ya mawe na dari, mfadhili akasoma aya yake, bosi akasoma nukuu yake, kila mtu akajibu sawa, na hakuna hata mmoja aliyesoma aya ya kwanza, mimi mwenyewe nikaona watano wakishapitisha basi iko salama. Gazeti la mtaani likaibeba kama ilivyo.

Alhamisi asubuhi mlinzi akanipigia, njoo mlangoni. Nikakuta watu kama kumi na tano kwenye mvua, mbele yao bibi mmoja kavaa koti la kutokea, kabeba picha ya harusi yake kwenye fremu, kaifunga mfuko wa plastiki isilowe. Alifunga ndoa humo ndani, alitaka kupiga picha palepale kwenye ngazi. Amekuja kwa mabasi mawili. Nikamwomba radhi, nikamwambia Jumamosi, akaniangalia tu, akasema Jumamosi hana mtu wa kumleta. Nilirudi ofisini nikatuma sahihisho, nikapiga simu chumba cha habari kimoja kimoja, lakini gazeti likishachapwa limechapwa. Yule bibi Jumamosi sikumwona.

Kwa hiyo sasa kabla ya kuandika sentensi yoyote naweka juu ya ukurasa: siku, tarehe, saa, nani anaruhusiwa kuingia. Halafu nafungua kalenda kuhakikisha siku na tarehe zinakubaliana, maana "Jumapili tarehe 2" wakati tarehe 2 ni Jumamosi ndio dalili ya kwanza kwamba mtu amenakili kutoka drafti ya zamani.

Chukueni Rochdale kama mfano, ukumbi wa mji kule kaskazini. Jiwe la msingi liliwekwa 1866, ukafunguliwa 1871, mnara ukaungua 1883 na ule mnara wa saa unaouona leo ni wa Alfred Waterhouse, ulijengwa baada ya ule moto. Ukafunguliwa tena Jumapili tarehe 3 Machi 2024. Ukiandika tu "jengo la 1866" umeshakosea umri, na ukiandika "mnara wa 1871" umekosea zaidi. Na ile hadithi ya Hitler kuupenda ukumbi huo, iache, taarifa rasmi haibebi tetesi.

2. Pesa. Ukarabati wa Rochdale ulitajwa kuwa wa pauni milioni 20, na ruzuku ya Mfuko wa Urithi wa Bahati Nasibu ya Taifa ilikuwa milioni 8.9. Hizo ni namba mbili tofauti. Drafti ya juzi ilikuwa imeandika "mfadhili ametoa" halafu ikaweka gharama nzima ya mradi, maana yake umempa mmoja sifa ya wote na aliyechangia kilichobaki amefutika, na huyo ndiye atakayepiga simu ya kwanza asubuhi. Andika gharama nzima, kisha nani kachangia nini, na namba itoke kwenye barua ya ruzuku, isitoke kwenye kumbukumbu ya kikao. Mfuko huu una masharti ya namna ya kutajwa, nembo na kuwashukuru wachezaji wa bahati nasibu, kwa hiyo wapelekee drafti mapema.

3. Maelezo ya wageni. Mlango upi, lifti inafika ghorofa ipi, kiingilio, na Jumamosi zenye harusi ukumbi unafungwa au la. Usimuulize bosi haya, muulize mtunza jengo, yeye ndiye anashika funguo.

4. Embago, yaani muda ambao kabla yake gazeti haliruhusiwi kuitoa taarifa, iandikwe na saa, sio tarehe peke yake.

Ile namba ya simu ya wageni uliyoweka chini, ipige wewe mwenyewe kabla ya kutuma. Juzi niliipiga ya kwenye drafti yenu, ikapokelewa na ofisi ya maegesho.