Kioo cha laptopu kimefifia: shika tochi kwanza, kioo kipya baadaye

Laptopu inawaka, feni inasikika, taa ya chaji iko, lakini kioo ni giza au kimefifia hata husomi kitu. Hapa Lamu wengi huamua papo hapo kwamba kioo kimekufa, wakaagiza kingine Mombasa. Kinasafiri kwa basi hadi Mokowe, kinavushwa kwa boti, kinafungwa, na giza liko palepale. Kioo chenyewe mara nyingi hakina kosa. Kilichokatika ni taa zinazokimulika kutoka nyuma, au kitu kinachoziamrisha zizime.

Washa mashine, ingia chumba chenye kivuli, kisha mulika kioo kwa tochi ya simu ukiwa umeilaza upande, karibu kabisa na kioo. Angalia kwa makini. Ukiona maandishi au alama za Windows kwa mbali, picha ipo na kioo kinafanya kazi; taa za nyuma ndizo hazipati umeme au zimeamriwa zizime. Usipoona chochote, unganisha televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea huko, tafuta kosa kwenye kebo ya kioo, kwenye kioo chenyewe, au kwenye sensa ya kifuniko, ambayo nitaieleza hapa chini.

Kama kioo kinawaka lakini mwanga haupandi wala haushuki, zima mashine, iwashe tena na uingie BIOS kwa kubonyeza F2, F10 au Delete, kutegemea mashine. Humo Windows haijaanza kazi. Mwanga ukiwa mkali ndani ya BIOS na ukafifia Windows ikishafunguka, usifungue skrubu hata moja. Nenda Device Manager, fungua Display adapters. Ukikuta imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter, umepata jawabu: draiva halisi ya picha haipo, na hiyo ya muda haijui kuongoza mwanga. Hali hii huja sana baada ya Windows kupigwa upya bila intaneti. Weka draiva ya picha kutoka ukurasa wa kampuni iliyotengeneza laptopu, ukitafuta kwa namba ya modeli iliyo chini ya mashine. Hapo hapo fungua Monitors, uhakikishe kifaa kilichomo hakijazimwa.

Sensa ya kifuniko huwapotosha hata mafundi wazoefu. Ndani ya fremu ya kioo mna sumaku ndogo, na karibu na kibodi mna sensa inayoihisi. Kifuniko kikishuka, sensa inaiambia bodi kwamba laptopu imefungwa, na bodi inazima kioo. Sensa haijui sumaku imetoka wapi. Simu yenye kava la kufunga kwa sumaku ikilazwa pembeni ya kibodi, spika ikiwekwa karibu, au laptopu ikipandishwa juu ya laptopu nyingine, kioo kinazimika ingawa kifuniko kiko wazi. Kwa hiyo ondoa kila kitu mezani kwanza. Giza likibaki, huenda sensa imekwama kwa kutu. Kwa mashine inayowaka Linux kutoka flashi, na picha yake kwenye televisheni, amri hii inatoa jibu:

```
cat /proc/acpi/button/lid/*/state
```

Ikijibu `closed` na kifuniko kiko wazi, sensa ndiyo yenye kosa. Kwenye modeli nyingi sensa iko kwenye bodi ndogo yake yenyewe, na ukichomoa kebo yake bodi kuu huhesabu kifuniko kuwa wazi. Mwenye laptopu atapoteza ile hali ya kulala anapofunga, lakini atafanya kazi akisubiri sensa mpya.

Sasa tuje kwenye fyuzi inayolinda umeme wa taa za nyuma, maana pwani hii ndiko kazi ilipo. Chukua laptopu ya mapokezi ya nyumba ya wageni Shela, inayokaa mchana kutwa kwenye dirisha linalotazama bahari. Tochi inaonyesha picha, BIOS nayo ni giza, na hakuna sumaku karibu. Zima, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini na uchomoe betri kwenye bodi kabla ya kugusa kebo ya kioo. Hatua hii isirukwe. Ile kebo inabeba umeme wa taa, unaokaribia volti 19 chaja ikiwa imechomekwa, na ukiichomoa umeme ukiwemo, pini moja ikigusa pembeni kwa nukta moja tu, umeunguza fyuzi uliyokuja kuitafuta. Shika kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili chaji iliyobaki iishe.

Fyuzi iko karibu na tundu la kebo hiyo, ndogo kuliko punje ya mchele, na mara nyingi jirani yake pameandikwa F na namba. Weka mita ya umeme kwenye mlio, gusa ncha zake mbili. Ikilia ni nzima. Ikinyamaza imeungua.

Fundi mwenye haraka huweka nyingine hapo hapo, nayo inaungua kioo kikiwaka tu. Taa za kioo cha inchi 15 hutumia kama wati 4. Gawa kwa volti 19 upate ampea 0.2 hivi, na fyuzi hizo kwa kawaida ni za ampea 1.5 hadi 3. Mwanga peke yake hauwezi kuiunguza. Kuna mahali umeme umegusana, na kwa hapa shaka ya kwanza ni chumvi. Bandua polepole ule utepe unaoshika kebo nyuma ya kioo. Ukiona rangi ya kijani au unga mweupe kwenye pini, hapo ndipo. Safisha kwa spiriti ya asilimia 99 na mswaki laini, acha pakauke kabisa. Kutu ya kijani ikiwa imeshakula pini, badilisha kebo, maana hakuna kusafisha kutakakorudisha shaba iliyoliwa.

Kisha, kebo ikiwa imerudishwa na betri bado iko nje, pima ukinzani kati ya ncha ya fyuzi inayoelekea kioo na chuma cha tundu la USB. Mita ikisoma karibu na sifuri, mgusano bado upo. Chomoa kebo upande wa kioo, upime tena: namba ikipanda, kosa limo ndani ya kioo, na hapo kweli kioo kipya kinahitajika. Ikibaki chini, chomoa na upande wa bodi, utajua kama ni kebo au bodi yenyewe.

Fyuzi mpya iwe ya ampea zilezile. Kipande cha waya badala yake kitawasha taa leo, na siku chumvi itakaporudi kitakachoungua ni bodi.

Ukishafunga, weka mwanga juu kabisa, iache iwake saa nzima, kisha sogeza kifuniko taratibu kutoka kufungwa nusu hadi wazi kabisa. Mwanga ukipepesa kwenye pembe moja kila mara, kebo imekatika ndani pale inapopita kwenye bawaba, na fyuzi hiyo mpya haitadumu mpaka kebo ibadilishwe.