Bwana wa chati: Jua au Mwezi?

"Mimi ni Simba, chati inaonyesha Kaa ndiyo inayochomoza. Bwana wa chati yangu ni Jua au Mwezi? Nimezaliwa Moshi, 7 Agosti, saa nne na nusu asubuhi."

Si yeyote kati yao, mdogo wangu. Tazama picha uliyoweka: Jua liko chini ya mstari wa upeo, na wewe umezaliwa mchana kweupe! Umeingiza 4:30, ukatokea alfajiri. Weka 10:30 na inayochomoza itakuwa Mizani, kwa hiyo bwana wa chati ni Zuhura.

Kaka aliyekujibu kabla yangu kwamba bwana wako ni Jua yuko sahihi kwamba Jua linatawala Simba, ila bwana wa chati hufuata nyota inayochomoza, si nyota ya kuzaliwa.

Na hapa usomaji wote unageuka. Zuhura wako yuko Mashuke, mahali anapohesabiwa dhaifu, na ukihesabu kutoka Mizani hiyo ni nyumba ya 12, ya mambo ya faraghani. Mimi ningeanza hapo: mtu wa kupenda kimyakimya, anayehudumia bila kuonekana. Kisha mfuate mwenye Mashuke, yaani Zebaki. Yuko Simba pamoja na Jua, nyumba ya 11, kwa marafiki na vikundi. Kwa hiyo huyo Zuhura aliyejificha ana mlango wa kutokea.

Mimi nahesabu kila nyota kuwa nyumba moja nzima; wanaogawa nyumba kwa nyuzi watabishana nami kuhusu hiyo 12. Muulize mama kama saa ile ni ya uhakika.