Andika siku ya mapumziko kwanza, masomo yafuate

Wengi wakianza maandalizi ya mtihani mrefu huijaza ratiba masomo, kisha mapumziko wakayaachia nafasi itakayobaki. Nafasi hiyo haibaki kamwe. Ninapokaa na mtu anayeanza maandalizi kupanga ratiba yake, namwomba aanze na siku ambayo hatasoma.

Tuseme una wiki 16, masomo manne, na mchana uko kazini. Weka vipindi viwili vya dakika 50 kila jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumapili usiguse daftari. Jumamosi asubuhi tenga saa tatu bila kuzipangia somo lolote. Saa hizo ndizo zinazoilinda Jumapili, maana wiki haiendi kama ilivyoandikwa: utachelewa kazini, utaumwa kichwa, mada moja itakula jioni mbili. Viporo visipokuwa na pa kwenda vitaingia Jumapili, na siku ya kupumzika itabaki jina tu. Kiporo kikiishinda hata Jumamosi, kihamishie wiki ijayo na upunguze kitu kingine huko. Kila wiki ya nne, soma kipindi kimoja tu kwa jioni.

Kati ya kipindi na kipindi, pumzika dakika 10. Inuka, toka chumbani, kunywa maji, tembea kidogo. Simu iache mbali. Ukifungua ujumbe wa kikundi cha masomo umeshabeba jambo linalodai jibu, na utarudi mezani ukiwa nalo kichwani.

Burudani nayo ipewe saa yake. Mimi napendelea ile ambayo kuna mtu anakusubiri, kama mazoezi ya kwaya au mpira, kwa sababu mambo yakibana, kile ambacho hakuna anayekuulizia ndicho unachokiacha kwanza. Isiwe kitu cha kukupa alama wala cheti.

Utajuaje kwamba uchovu umepita kiasi? Uchovu wa kawaida huisha kwa usingizi mzuri na ile siku moja ya mapumziko. Shirika la Afya Duniani, likizungumzia uchovu sugu unaotokana na kazi, linataja mambo matatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yenyewe au kuidharau, na kuona ufanisi umeshuka. Kwenye masomo utayaona hivi: Jumatatu unaamka umechoka kama Ijumaa, somo ulilolipenda sasa linakukera, na alama za maswali ya majaribio zinashuka huku saa za kusoma zikiongezeka. Hapo wengi huongeza saa, na ndipo wanapozidi kuzama. Punguza vipindi kwa nusu kwa wiki nzima, kisha fanya tena majaribio ya kiwango kilekile ulinganishe alama.

Lakini kama umepumzika na bado usingizi hauji, chakula hakipiti, au huoni sababu ya kuendelea na lolote, hilo si la ratiba tena. Mwone daktari mapema, na umwambie mtu wa karibu.