Wasifu wa kuombea mkopo: kuku 300 hawatagi trei 200 kwa wiki

"Wakuu, nilianza na ekari moja ya sukuma, siku hizi nakusanya mboga za majirani na kupeleka mahotelini. Nimeomba mkopo, sasa wameitisha wasifu wangu wa ukurasa mmoja, waone nimetoka wapi. Nimeishia kidato cha nne na sijawahi kuajiriwa. Hapo naandika nini?"

Mimi ni wa mayai, lakini nimepita hapo hapo ulipo. Nafuga Ruai, nauza Kayole na Utawala. Wasifu wangu wa kwanza ulinirudisha nyumbani mikono mitupu, na shida haikuwa masomo.

Nilikuwa nimeandika: "Mimi ni mfugaji mwenye bidii. Nina kuku 300 na nauza trei 200 za mayai kila wiki." Afisa wa mikopo akasoma, akavuta kikokotoo. Kuku 300, hata kila mmoja akitaga kila siku bila kukosa, ni mayai 2,100 kwa wiki. Trei ni mayai 30, kwa hiyo ni trei 70. Akaniuliza, "Hizi 130 zingine zinatagwa na nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Nanunua kwa wafugaji sita wa Ruai na Njiru. Lakini niliona haya kuandika hivyo, nisije nikaonekana broka, nikajificha nyuma ya kuku wangu. Kibaya zaidi, nilikuwa naomba pesa za tuktuk. Mfugaji wa kuku 300 anataka tuktuk ya nini?

Mara ya pili nilitenganisha kazi mbili, ya kufuga na ya kununua na kuuza, nikasema lini ya pili ilianza na kwa nini:

"Nilianza 2019 na kuku 100. Leo ni 300, wanatoa kama trei 56 kwa wiki. Tangu Machi 2021, oda ziliponizidi, nanunua pia kwa wafugaji sita, kama trei 144 kwa wiki. Nanunua kwa 290, nauza kwa 330. Nasafirisha kwa tuktuk ya kukodi, na siku ikikosekana oda zinalala."

Soma tena sentensi ya mwisho. Tuktuk imejieleza yenyewe, sikuhitaji kuongeza neno.

Halafu kuna taarifa ya M-Pesa, maana wasifu wako utasomwa ukiwa umelazwa kando yake. Trei 200 kwa 330 ni 66,000 kwa wiki, na tili yangu ilikuwa inaonyesha kama 40,000. Hoteli mbili zilikuwa zinanitumia 18,000 kwa namba yangu binafsi, na vijana wa mayai boilo walikuwa wanalipa taslimu 8,000 hivi, ambazo nimeandika kwenye daftari. Niliyaweka hayo matatu kwenye wasifu jinsi yalivyo. Hoteli nikazihamishia kwenye tili, nikakaa miezi mitatu ili ionekane, ndipo nikarudi.

Usifiche mwezi mbaya pia, kwa sababu tayari uko kwenye taarifa. Mimi nilibadilisha chakula cha kuku nikifuata bei, maganda yakawa laini, na trei 8 kwa siku zikashuka hadi 5. Niliandika sababu, nikaandika nilirudi kwenye chakula cha kwanza, na kwamba wiki hizo nilinunua zaidi kwa majirani, hoteli hazikukosa hata trei moja. Afisa aliuliza maswali mengi hapo kuliko pengine popote. Alitaka kuona daftari la wiki zile, nikampa.

Kwako wewe, tatizo litakuwa gunia. Gunia la sukuma la mkulima mmoja si gunia la mwingine, na mtu wa ofisini hawezi kupigia hesabu kitu hicho. Anza leo kupima kwa kilo: zilizotoka shambani kwako, ulizonunua, na zilizonyauka au kukataliwa mlangoni pa hoteli. Hizo za mwisho ziandike hata kama zinauma, la sivyo faida yako itaonekana kubwa kuliko pesa zilizoingia, na utaulizwa. Kila ukipeleka mzigo, omba karatasi ya kupokea yenye sahihi na mhuri wa jikoni. Nakala tano sita za wateja tofauti zitaunga mkono wasifu wako kuliko aya nzima ya jinsi ulivyopenda kilimo tangu utotoni (hiyo aya nilikuwa nayo pia, niliifuta).

Mimi walinipa pungufu kidogo ya nilichoomba, tuktuk nikaimalizia na za mfukoni. Kidato cha nne nilikiweka mstari wa mwisho kabisa, na hakuna aliyekigusa.